GAD-7 kwenye kliniki za kawaida: inakamata nani, inamwacha nani

GAD-7 ni karatasi ya maswali ya kupima wasiwasi, na utafiti wake ulifanyika Marekani, kliniki 15 za huduma ya msingi, ukachapishwa 2006. Mgonjwa anajibu maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, mfano umekuwa ukishindwa kuuzuia wasiwasi? Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla 21.

Kati ya wagonjwa waliojaza karatasi hiyo, 965 walipigiwa simu ndani ya wiki moja na mtaalamu wa afya ya akili ambaye hakuonyeshwa alama zao, na hapo ndo penye uzito wa kazi yote, maana angeziona angevutwa nazo. Waliokutwa na ugonjwa wa wasiwasi wa jumla walikuwa 73.

Mpaka wa kumshuku mtu kuwa na ugonjwa ukiwekwa alama 10, unyeti ni 89%, yaani kama 65 kati ya 73 wanakamatwa na 8 wanapita. Umahsusi, yaani wasio na ugonjwa ambao karatasi inawaacha, ni 82%, inasikika poa, ila wasio na ugonjwa ni 892 kwahiyo kama 160 wananaswa bure. Ukishusha hadi 8 unyeti unafika 92% lakini umahsusi unaanguka 76%, ukipandisha hadi 15 umahsusi ni 95% afu zaidi ya nusu ya wagonjwa wanarudi nyumbani hawajajulikana, hiyo kwangu haikubaliki kabisa.

Kwahiyo watafiti walichagua 10, nami nakubaliana nao, ilimradi anayevuka 10 akalishwe chini aulizwe vizuri, asiandikiwe dawa palepale, maana kati ya wanaovuka 10 kama 7 kwa kila 10 hawana huo ugonjwa.