YAH: OMBI LA UHAMISHO KWENDA HALMASHAURI YA WILAYA YA MOSHI

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo.

K.K.: Mkuu wa Shule

12 Agosti 2024

Ndugu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari, niliyeajiriwa hapa mwaka 2017. Naomba kuhamia Moshi. Mama yangu, mjane, alipata kiharusi mwezi Machi. Hawezi kula wala kuoga bila msaada, na mimi ndiye mwanawe pekee. Ruhusa za dharura hazitoshi kumwuguza, na zinawapotezea wanafunzi vipindi.

Nisingependa darasa libaki bila mwalimu. Mwenzangu wa Hisabati aliyeko Moshi amekubali tubadilishane vituo, nami nitaondoka baada ya mtihani wa Kidato cha Nne. Sitadai gharama za uhamisho.

Naambatisha taarifa ya daktari na barua ya mwenzangu.

Wako mtiifu,
Neema Mushi
Mwalimu