Malalamiko juu ya fakture ya maji ya Aprili 2024, mita ikiwa imekufa

Bukavu, tarehe 13 Mei 2024

Kwa Mkuu wa Huduma ya Wateja,
Shirika la Maji, Bukavu

Bwana Mkuu,

Mimi ni mpangaji kartiye Ndendere, komini ya Ibanda. Mita iko kwa jina la mwenye nyumba, lakini tangu nihamie hapo mwaka 2021 fakture nalipa mimi, na sijachelewa hata mwezi mmoja.

Tarehe 6 Mei nililetewa fakture ya Aprili: meta za ujazo 41, faranga za Kongo 94,300. Mbele ya namba wameandika kwamba ni makadirio. Fakture hiyo naikataa.

Tarehe 19 Machi nilikuwa nafua nguo. Robine iko wazi, beseni linajaa, lakini kile kigurudumu chekundu ndani ya mita kimesimama kabisa, kioo kimejaa ukungu, namba imekwama kwenye 01386. Siku ileile nilikuja kwenu nikaandikishwa kwenye daftari. Fundi wenu alifika tarehe 28, akaigonga mita kwa bisibisi, hakuna kilichosogea. Aliniachia karatasi yenye sahihi yake inayosema mita imekufa, ibadilishwe. Mpaka leo haijabadilishwa.

Mita ikifa ni lazima mkadirie, hilo nalielewa. Lakini 41 imetoka wapi? Kuanzia Septemba hadi Februari mita ilipokuwa nzima, fakture zenu zinaonyesha 8, 9, 10, 9, 8 na 10, yaani wastani wa 9. Machi ninyi wenyewe mlikadiria 9, nikalipa bila neno.

Meta 41 ni bidoni 2,050 za lita ishirini, karibu bidoni 68 kila siku, katika nyumba ya watu watano. Tena Aprili yote maji kwetu yalikuwa yanatoka usiku tu, na si kila usiku. Nilikuwa naamka saa tisa kujaza pipa la lita 200 na bidoni nane, kisha yanakatika. Hata yangetoka usiku wote 30 wa mwezi, nisingefikisha meta 11. Naumia sana kudaiwa maji ambayo watoto wangu hawakuyaona.

Naomba mfute fakture hiyo na kuandika nyingine ya meta 9, ambayo kwa bei yenu ileile ni faranga 20,700. Hizo ninazo, nitalipa siku mtakayonipa karatasi mpya. Naomba pia mita ibadilishwe bila gharama kwangu wala kwa mwenye nyumba, kwa kuwa hatukuiharibu, na maji yasikatwe wakati malalamiko haya yanachunguzwa. Mkitaka kuja kuangalia, mimi niko nyumbani kila siku baada ya saa tisa mchana, na Jumamosi kutwa.

Nimeambatanisha kopi za fakture nane, risiti ya Machi na karatasi ya fundi. Mwenye nyumba amepewa nakala ya barua hii. Naomba mnigongee muhuri wa mapokezi kwenye nakala yangu.

Kwa heshima,

Neema Furaha
Mpangaji