Pete katika tuta la asumini

Bibi harusi aliporusha shada, pete ilitoka nalo. Ilikuwa imempwaya tangu dukani, na kidole kilikuwa na mafuta aliyopakwa na somo yake. Wengi waliona kitu kikimetameta kuelekea tuta la maua. Kilipoangukia, hakuna aliyeona.

Vijana wa upande wa bwana harusi walikwisha kuingia kwenye maua.

"Tokeni! Rudini kwa nyayo zenu zilezile," babu yake bibi harusi, fundi mwashi, akawazuia. "Na fungeni huo mpira wa maji."

Tuta lilikuwa limemwagiliwa tangu asubuhi. Dhahabu ya karati 18 ina uzito wa mara 15 hivi ya maji ya ujazo uleule. Kwenye tope hushuka yenyewe, na mguu ukiikanyaga hupotea kabisa.

Mjomba wa bwana harusi alileta sumaku ya spika mbovu. Ikanasa misumari mitatu na vizibo vya soda.

"Mkwe, dhahabu haishikwi na sumaku," babu alimwambia taratibu. "Ila hiyo misumari umetuondolea. Sasa tutachambua kwa mikono bila kuchomwa."

Akatafuta nati ndogo yenye uzito unaokaribia ule wa pete, akaifunga uzi mwekundu, akamsimamisha bibi harusi palepale kwenye ngazi. Akairusha mara tatu. Mara mbili iliangukia mwisho wa tuta. Mara moja iligonga tofali la ukingoni ikarudi ndani. Basi pa kutafuta pakawa mita mbili kwa moja. Vikapigwa vigingi, kamba ikavutwa, ikapatikana miraba minane ya nusu mita.

"Kila mraba watu wawili, mmoja wetu na mmoja wenu," akasema shangazi wa bwana harusi. "Asije mtu kusema kesho kwamba fulani aliiona akanyamaza."

Walianza na majani makavu, wakayakung'utia juu ya shuka jeupe. Kisha wakachota udongo kwa mwiko, sentimita tano tu kwenda chini, ukapelekwa kwenye chekeche la mchanga. Hapo kazi ikakwama: udongo mbichi uliziba matundu, ukabaki mabonge, na bonge moja linatosha kuficha pete. Ikabidi kila bonge livunjwe kwa vidole ndani ya beseni la maji.

Jua lilipozama waliweka tochi za simu chini kabisa, mwanga upite juu ya ardhi badala ya kumulika toka juu.

Kwenye mraba wa saba, mama wa bwana harusi alikuwa akivunja bonge lililoshikwa na mizizi ya asumini. Akasita.

"Mwanangu, lete mkono wako," akamwambia mdogo wake bibi harusi. "Hebu gusa hapa."

Walilisuuza bonge pamoja mpaka pete ikaonekana.

Vigelegele vilipotulia, bibi harusi alinawishwa kwa sabuni hadi mafuta yakaisha. Babu akaufungua ule uzi mwekundu kwenye nati, akauzungushia pete upande wa kiganjani, mizunguko sita, ikabana. Itakaa hivyo mpaka Jumatatu, sonara atakapofungua.