Namba Sita

Meseji ilitoka kwa Mama Rehema, mteja wake wa miaka miwili, kwa hiyo Zuhura hakusita. "Mwanangu, kuna namba sita zimeingia kwako kwa bahati mbaya. Nirushie haraka." Alikuwa kwenye kifremu chake Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anakunja madera. Akazirusha. Hajamaliza kukunja dera la tatu, WhatsApp ya biashara ikamtoa nje.

Alipompigia Mama Rehema kwa simu ya kawaida, mama wa watu akaanza kulia kabla hata ya salamu. WhatsApp yake ilikuwa imeibwa tangu asubuhi.

Zuhura akaomba namba mpya za kuingilia. Kioo kikamwambia ameomba mara nyingi mno, asubiri saa 11. Maskini, yeye alikuwa ameomba mara moja tu. Nyingine zote aliziomba mwizi, makusudi, ili amfungie nje. Na saa hizo 11 mwizi alizifanyia kazi. Kwenye grupu la wateja 214, kwa jina la Zuhura na picha yake ileile ya kitenge cha njano, akaandika: "Ofa ya leo tu! Dera 12,000 badala ya 18,000. Ile namba ya zamani ina shida, lipia kwenye hii."

Watu 11 walilipa.

Usiku wa manane namba sita zikaja. Akaziingiza vidole vikitetemeka. Mwizi akatolewa saa ileile, lakini Zuhura naye hakuingia: kioo kilitaka pini, na pini alikuwa ameiweka mwizi. Asiyeijua husubiri siku 7. Nyumba yako, funguo unazo, na komeo limewekwa kwa ndani na mtu ambaye hayumo tena.

Asubuhi alituma namba ya tapeli kwenda 15040, akaenda kituo cha polisi kuandikisha, akarudi na namba ya jalada kwenye kikaratasi. Kisha akanunua daftari la kurasa 32. Akapiga simu mteja mmoja mmoja, wale ambao namba zao alikuwa nazo, akauliza: "Ulilipa? Kiasi gani?" Wengine walimkatia. Mmoja alimtukana mpaka salio lake likaisha. Daftari lilipojaa kurasa mbili, jumla ilikuwa shilingi 168,000, madera 14.

"Hukuwaibia wewe," mama yake alimwambia Mbagala, wakichambua mchicha.

"Walilipa jina langu, mama."

Mama hakubisha. Alikwenda chumbani, akarudi na 50,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya hisa zake za kikoba.

Siku ya saba ilipotimia, akaunti ilifunguka. Kitu cha kwanza, aliweka pini yake mwenyewe, na barua pepe ya kuirudisha akiisahau. Hapo ndipo alipotazama grupu. Walibaki 131. Akaandika ujumbe mmoja, hakuupamba: niliibiwa, kosa la kutoa namba sita ni langu, kila aliyelipa atapata dera lake, na kuanzia leo msilipe mpaka mmenipigia mkasikia sauti yangu. Siku mbili hakujibu mtu. Mimi naamini siku mbili zile zilimuuma kuliko zile saba.

Akaanza kupeleka. Tandika, Buguruni, Gongo la Mboto, kwa daladala, madera kwenye mfuko. Kila alipokabidhi, alipiga mstari daftarini. Mwezi wa kwanza mistari minne. Mwezi wa pili mitano, kwa sababu biashara ilianza kupumua: mwanamke wa Buguruni alijipiga picha na dera lake akaiweka stetasi bila kuombwa, na simu zikaanza kuita. "Nakupigia nisikie sauti," walisema, na Zuhura aliongea na kila mmoja kama ndiye mteja wa pekee. Mwezi wa tatu akamaliza wa kumi.

Jina la mwisho lilikuwa Bi Mwanahawa wa Temeke, madera matatu, 36,000. Ndiye aliyemtukana. Alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Akalitandaza dera la kwanza juani, akakagua mishono kwa ncha ya kucha, akageuza upindo. La pili. La tatu. Kimya.

"Lile la bluu ulilolipiga picha jana, bado lipo?"

"Lipo, bibi. Ninalo hapa."

Bi Mwanahawa akatoa simu yake, akaibonyeza polepole, akaiweka sikioni huku akimtazama Zuhura usoni. Simu ikaita mkononi mwa Zuhura.

"Shikamoo, bibi," akapokea.

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka kwenye simu na kutoka mlangoni kwa pamoja. Bi Mwanahawa akakata, akafungua mahali pa kutuma pesa, akaanza kuingiza namba ile ile.