Dada, yale mafuta ya nywele yalikusaidia kweli?

Dada, habari za malezi? Juzi nilikuuliza kama yale mafuta ya kuotesha nywele yalikusaidia kweli, ukanijibu "matokeo hutofautiana kipenzi" pamoja na kamoyo kekundu. Nilishukuru kujibiwa, maana najua maswali unayopokea kwa siku si haba. Ila jibu lile limeniacha palepale. Kwamba matokeo hutofautiana nalijua. Nilichouliza ni yako yalikuwaje. Ndiyo maana nimerudi, na leo naandika kwa kirefu ili usije ukadhani nimekuja kukuharibia.

Nikutoe wasiwasi kabisa: siuzi mafuta wala sijatumwa na anayeuza. Nakufuatilia tangu ukiwa mjamzito. Siku ile uliyojirekodi bila kilemba, ukaonyesha jinsi nywele zilivyokwisha pande zote mbili juu ya paji, mimi nilikuwa nimekaa kitandani na mtoto wa miezi 4 kifuani, na bonge la nywele nililotoka kuliokota bafuni bado liko kwenye ndoo ya taka. Nililia na wewe. Sikuwa nimewahi kukuandikia, lakini siku hiyo nilijiona nina mwenzangu. Kwa hiyo wiki chache baadaye ulipoileta ile chupa na kusema imekurudishia nywele ndani ya wiki 6, sikusoma hata lebo. Niliagiza chupa mbili.

Nimefuata maelekezo yako bila kuruka usiku hata mmoja: matone matano, kukanda dakika tano, kufunga kitambaa. Ule mchomo wa ubaridi kichwani nao ulinipa moyo, nikajua dawa inapenya. Baadaye ndipo nikasoma lebo: mafuta ya nyonyo, rozimeri na mnanaa. Mnanaa huleta ubaridi huo popote unapoupaka, hata kwenye kisigino kisichoota kitu.

Sasa sikia kilichotokea. Wiki ya pili, upande wa kushoto ulinitoka vipele vidogovidogo, nikaacha kupaka huko, nikaendelea na wa kulia peke yake. Sikupanga kufanya utafiti, vipele ndivyo vilivyonipangia. Wiki ya 10 nikasimama mbele ya kioo na rula. Kulia, vinywele vipya vilikuwa na sentimita mbili na nusu. Kushoto, ambako sikuwa nimegusa kwa wiki 8, sentimita mbili na nusu. Nikapima tena, nikamwita na mume wangu apime. Akauliza, "Kwani hapa uliwekeana dau na nani?"

Sisemi kichwa changu kimoja kinatosha kuhukumu bidhaa. Lakini nilipompeleka mtoto kliniki nilimuuliza muuguzi, naye hata hakushangaa. Alinieleza kwamba wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele zisidondoke kama kawaida, ndiyo maana wengi wetu tunakuwa na nywele nzito. Ukishajifungua, zile zote zilizochelewa zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na kama miezi mitatu baadaye zinaanza kupukutika. Kwa wanawake wengi hali hiyo hutulia yenyewe, na mtoto anapokaribia kutimiza mwaka nywele zinakuwa zimerudi au zinarudi. Akaongeza kwamba unywele hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita zangu mbili na nusu zilikuwa ukuaji wa kawaida tu wa wiki 10.

Hapo ndipo nilipozirudia picha zako za kabla na baada. Naomba usinielewe vibaya, hizi picha nimezitazama kwa upendo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kwenye ya kabla, mtoto amelala mapajani mwako, shingo umemshikia kwa kiganja. Kwenye ya baada, pembeni kidogo, mwanao huyohuyo amesimama ameshikilia kiti. Dada, mtoto wa kushikiwa shingo hasimami na kiti baada ya wiki 6. Hapo katikati kuna miezi. Tena kwenye ya kabla nywele zimebanwa nyuma zikavutwa, taa inamulika juu ya paji. Kwenye ya baada zimechanwa kuja mbele, na mwanga unatoka dirishani. Na ukweli ni kwamba ulikuwa umeacha kusuka zile rasta za kubana. Ulitaja mwenyewe, kwenye klipu nyingine kabisa, kwamba mama alikukataza. Kuacha kubana peke yake kunaweza kuzirudisha nywele za pembeni, kama mashina hayajafa.

Huenda nimekosea. Huenda aliyepanga picha ni mwenye kampuni, wewe ukazikuta zimeshaunganishwa na kuandikwa "wiki 6". Najua pia kwamba kazi hii ndiyo inayokulisha, na mtu akikulipa utangaze, utatangaza. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu, kama ni ugomvi, ni kwamba ulituambia "hili silipwi, nawaambia kama dada yenu", halafu msimbo wa punguzo una jina lako. Kama unapata kitu kila tunaponunua, tuambie tu, bado wengine tutanunua.

Kwa hiyo naomba uniambie haya. Ulianza kupaka mwanao akiwa na miezi mingapi, na picha ya pili ilipigwa lini? Katika muda huo, kuna kingine ulichokuwa unatumia, labda vidonge vya madini ya chuma, au dawa ya kupaka uliyoandikiwa na daktari? Na la mwisho, ambalo ndilo hasa linaloniwasha: leo hii, kamera ikiwa imezimwa, bado unayapaka? Ukisema "ndiyo, na nayapenda kwa sababu yanalainisha ngozi ya kichwa", nitakuelewa, maana hata mimi yamenilainisha. Ukisema "sijui kama ni mafuta au ni muda wenyewe", nitakuheshimu zaidi ya mwanzo. Nitakalosikitika nalo ni moyo mwingine mwekundu.

Nakusumbua hivi kwa sababu chini ya ile video yako nimeona mama mmoja anasema nywele zinamdondoka kwa mabaka ya mviringo na kichwa kinamuwasha, na ameambiwa avumilie apake chupa ya tatu. Huyo hana tatizo letu. Mabaka na muwasho yanaweza kuwa fangasi au ugonjwa mwingine, na kuna yanayoweza kuua mashina yasiote tena akichelewa. Tafadhali, hata kama mimi hutanijibu, mwambie yeye aende kwa daktari wa ngozi. Neno lako atalisikia kuliko langu.

Chupa yangu ya pili bado ina kizibo chake na karatasi yake. Sijaomba kurudishiwa pesa, na kwa muuzaji sijalalamika. Nimeiweka juu ya kabati hadi nisikie kutoka kwako kama niifungue au nimpe shangazi yangu, ambaye anatafuta mafuta ya kupaka magotini.