Utambulisho wa Profesa Mwanahawa katika Mhadhara wa Kiprofesa

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Rasi wa Ndaki ya Kilimo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, ndugu na jamaa wa Profesa, wakulima wetu mliofika Morogoro tangu jana: itifaki imezingatiwa.

Wasifu wa Profesa Mwanahawa mmeukuta kwenye viti vyenu, pamoja na shahada na machapisho yake. Sitausoma. Nitawaeleza swali lililomshughulisha tangu akiwa mwanafunzi wa uzamili.

Mkulima wa Mkuranga anaweza kuwa na shamba la muhogo linalopendeza kabisa. Siku ya kuvuna anang'oa, anakata, anakuta ndani kumeoza, kumekauka, rangi ya kahawia. Hauliki wala hauuziki. Ugonjwa wa batobato angalau hujionyesha mapema, majani yakajikunja na kuwa na mabaka. Huu unaoozesha mizizi, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mara nyingi hujificha hadi mavuno. Sasa mkulima huyu atajuaje kwamba pingili anayoichomeka ardhini leo ni nzima?

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni wa mwambao na nyanda za chini, mpaka mwaka 2004 ulipoonekana Uganda, juu ya mita 1,000.

Profesa alianza na nzi weupe, wanaoeneza kirusi cha ugonjwa huu. Alikaa nao miaka, kisha akawaacha, na wapo waliosikitika. Lakini alikuwa ameshaona jambo: nzi mweupe hadumu na kirusi hiki muda mrefu wala hakipeleki mbali. Safari ndefu tunaifanya sisi, tunapofunga mzigo wa pingili na kuupakia kwenye basi kumpelekea shangazi mkoa mwingine.

Ndipo akahamia kwenye aina zinazostahimili, kama Kiroba, na Namikonga, ambayo asili yake ni kazi ya Amani ya kuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara. Baadaye akaingia vijijini kufanya kazi na wakulima wanaozalisha mbegu safi. Kwa anayetazama kwa mbali, hizo ni taaluma tatu. Mimi niliyefanya naye kazi nasema ni moja: kila alipohama, alikuwa anaifuata ile pingili.

Nawaomba wanafunzi mlizingatie hilo. Ruzuku ya utafiti ina mwisho, mradi una mwisho; swali la mkulima bado lipo shambani, na Profesa hakuwahi kuliacha eti kwa kuwa fedha zimekwisha.

Mhadhara wake unaitwa "Majani Mazima, Mizizi Mibovu: Nani Amhakikishie Mkulima Mbegu?" Baada yake tutapokea maswali, na tutaanza na wakulima.

Naomba tusimame tumpokee. Profesa Mwanahawa, karibu jukwaani.