Mwanasha, niwie radhi ya Sabasaba

Mwanasha shoga yangu,

Asalaam aleikum. Leo Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro, nimeshaswali na jiko bado sijawasha. Nakuandikia kabla sijatoka kwenda bandani, maana nikishafika kule mpaka usiku mimi si wa kwangu tena.

Nimesahau siku yako ya kuzaliwa. Jumatatu tarehe 7 ulitimiza miaka 40, na mimi sikupiga simu, sikuandika, sikukumbuka kabisa mpaka jana Ijumaa jioni. Usije ukadhani labda mtandao ulisumbua au simu ilizima chaji. Simu ilikuwa mkononi. Nilisahau, mwenzangu, na naomba uniwie radhi.

Nikwambie nilivyozinduka. Jana tulipofunga nilikaa juu ya ndoo ya iliki nijumlishe mauzo ya wiki. Kitabu changu cha risiti unakijua, kile cha kuwekea kaboni. Nikawa nafunua nakala moja moja. Nikafika za Jumatatu: 7/7, 7/7, 7/7. Zilikuwa risiti 26, zote kwa mwandiko wangu, na ile saba yangu yenye mkato katikati uliyokuwa ukinitania nayo tangu kidato cha kwanza. Kama kwenye ya nne hivi kidole kikasimama. Nikaziangalia tena zile saba. Halafu nikakifunga kitabu, sikujumlisha tena.

Mara 26, Mwanasha. Tarehe yako nimeiandika kutwa nzima, nikamkatia kila mteja akaondoka nayo, na wewe sikukutumia hata neno.

Tena Sabasaba yenyewe si tarehe ya kumpita mtu kimyakimya. Nchi nzima imepumzika, Barabara ya Kilwa imejaa watu tangu asubuhi, vipaza sauti kila kona vinaitaja siku, huku sherehe za Sabasaba, huku Siku ya Kiswahili Duniani. Nilisimama katikati ya makelele yote hayo. Baba yako alikuwa akisema kila mwaka kwamba wewe na TANU mmezaliwa siku moja, mmepishana miaka 31 tu, na mimi nilikuwa nikicheka kila mara kana kwamba sijawahi kulisikia.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta baadaye, nilipofungua simu kuona mara ya mwisho tulizungumza nini. Kumbe Jumatatu hiyohiyo, saa tatu usiku, uliniandikia: "Vipi biashara leo?" Na mimi nikakujibu papo hapo. Nikakwambia watu ni wengi ajabu, mdalasini umeisha, unga wa pilau umebaki pakiti chache. Nikakutumia na picha ya foleni. Ukajibu: "Alhamdulillahi. Upumzike sasa, umechoka."

Nimeisoma jana mara nyingi. Sijui ulipouliza ulikuwa unanipa nafasi nikumbuke, au ulitaka tu kusikia mtu siku ile isikatike kimya. Vyovyote iwavyo, ulikuwa umekaa na siku yako usiku ule, na mimi nikakusimulia habari za mdalasini.

Na ilikuwa Sabasaba ya kwanza bila Mama. Hapo ndipo kosa langu linapozidi, na sitaki kupita pembeni yake.

Nakumbuka kwenu hapakuwa na keki wala mishumaa. Kulikuwa na dua baada ya alfajiri, na mkate wa kumimina. Mama aliloweka mchele usiku, asubuhi akausaga na tui zito, akaacha uumuke, kisha makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na yeye ameketi kwenye kigoda hataki mtu amsogelee. Mara ya kwanza nilipolala kwenu, likizo ya mwaka 1999, niliamshwa na harufu ya iliki. Nikakuuliza kuna nini leo, ukasema, "Si Sabasaba, Mama anapika siku yangu." Hata ulipoolewa, hata ulipohamia kikazi Lushoto ile miaka mitatu, alikuwa anakupigia yeye wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa wa pili, na ulikuwa ukiniambia, "Umechelewa, Mama ameshapita."

Mwezi wa Ramadhani, tulipokaa barazani kwenu baada ya tarawehe, hata mwezi haujaisha vizuri tangu tumzike, uliniambia unaiogopa Sabasaba. Ulisema hujui simu itakapokaa kimya asubuhi ile utafanyaje. Nikakushika mkono nikakwambia haitakaa kimya, nitapiga mimi. Hukuniomba ahadi hiyo, niliitoa mwenyewe. Siku ikafika, na simu ikakaa kimya vilevile ulivyohofia.

Kwa hilo sina cha kusema zaidi ya kwamba nimekosa, na nimekukosea wewe na si kalenda.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa hapahapa, tangu tarehe 28 Juni naamka saa kumi, narudi saa nne usiku. Kuna mkopo wa kikundi wa kurejesha mwisho wa mwezi huu, na msimu wa maonesho ndio ninaoutegemea. Nakueleza ili ujue tu kichwa kilikuwa wapi. Lakini wewe una darasa lenye watoto zaidi ya 70, una nyumba, mwaka huu umebeba na msiba juu, na hujawahi hata mara moja kuiacha tarehe yangu. Novemba iliyopita ulinipigia saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yako, na mchana nikaitwa kituo cha mabasi nikachukue mzigo: kashata kwenye kopo la maziwa, na kanga imeandikwa "Wema hauozi". Ndiyo niliyojifunga sasa hivi hapa ninapoandika. Kwa hiyo shughuli haiwezi kuwa sababu, maana shughuli unazo kuliko mimi.

Jana usiku nilianza kuandika, "Shoga samahani nilipitiwa, heri ya kuzaliwa ya kuchelewa," nikaweka na maua. Nikafuta. Nikataka kukutumia sauti, nikaona nitaanza kulia, na wewe ninavyokujua ungeacha yako ukaanza kunibembeleza mimi. Nilikataa. Usinibembeleze. Kama umekasirika, kasirika, ni haki yako. Ukitaka kuninyamazia siku mbili tatu, nitaelewa, wala sitawatuma watu wakuulize kulikoni. Hata kunijibu ujumbe huu si lazima leo.

Ila nina jambo moja, na hili nalisema nikiwa nimeshalipanga, si ahadi ya barazani.

Maonesho yanafungwa kesho Jumapili. Jumatatu na Jumanne nabomoa banda na kurudisha mizani na meza za watu. Jumatano tarehe 16 napanda basi la kwanza pale Mbezi, Mungu akijaalia saa sita saa saba mchana niko Kange. Nauli nimeshaitenga, na mdogo wangu atakaa na watoto mpaka Ijumaa. Lakini kama siku hiyo hutaki mgeni niambie tu, nitakuja wiki nyingine. Sitachukua vibaya.

Naja na iliki ya Amani, ile ya kijani nzima ambayo Mama alikuwa akinituma nimletee na kuikagua punje kwa punje. Nimeshaiweka pembeni kilo nusu, haiuzwi. Kuhusu mkate, sikiliza. Sijui kama unataka upikwe mwaka huu. Huenda moyo wako bado hauwezi kuiona ile sufuria na makaa juu yake. Ukitaka tuupike, tutaupika wawili, mimi nitasaga na kukoroga, makaa utayaweka wewe kwa sababu ulikuwa unamwangalia zaidi yangu. Ukisema tuuache, iliki tutaitia kwenye chai na mkate hatutautaja. Na ukitaka twende kwanza makaburini tukamsomee Mama, ndiko tutakakoanzia, kabla hata sijatua begi.

Nataka pia nisikie Jumatatu ilikuwaje. Asubuhi uliamka saa ngapi, nani alikuwa wa kwanza kukupigia, ulikula nini, ulilia au hukulia. Nilipaswa kuyajua siku ileile. Kama umeshayameza na hutaki kuyarudia, basi. Lakini kama bado yapo, nitakaa nisikilize mpaka mwisho, na simu nitaizima.

Miaka 40, Mwanasha. Tulikuwa na miaka 14 tulipogawana kitanda cha juu na cha chini, ukanipa ndoo yako ya pili kwa sababu yangu iliibiwa wiki ya kwanza. Toka siku ile sijawahi kufikwa na jambo, la heri au la shari, wewe usiwepo. Nilipojifungua kwa taabu ulipanda gari la mizigo usiku ukaja. Nilipofunga duka la kwanza ulinisaidia kubeba makabati na hukuniuliza nimekula hasara kiasi gani. Mungu akupe umri mrefu wenye afya. Akukunjulie mwaka huu kuliko ule uliopita. Amrehemu Mama, amfanyie wepesi huko aliko, na kila dua aliyokuombea alfajiri za Sabasaba zote zile isikuache. Heri ya kuzaliwa, mwenzangu. Imechelewa siku tano, na nimeisema kwa moyo wote.

Sasa nawahi daladala. Jumatano nikifika Kange nitakupigia. Usihangaike kuja kunipokea na jua lile, nitachukua bajaji, njia ya Ngamiani naijua. Uwe umeteleka tu maji ya chai.

Ni mimi,
Zuhura